Wasifu wa daktari mtarajali: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu idara, taratibu, mitihani, ukaguzi na utafiti

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya daktari anayemaliza mwaka wake wa utarajali katika hospitali ya rufaa ya mkoa nchini Tanzania na anayetaka kuomba kazi au nafasi ya masomo ya ubingwa. Kwa miaka kadhaa nimekaa upande wa pili wa meza, nikisoma wasifu wa madaktari vijana pamoja na vitabu vyao vya kumbukumbu, na maswali yaliyomo humu ndiyo yanayonifikia kila msimu wa maombi. Anayefanya utarajali Kenya au Uganda atakuta mengi yanamhusu, ingawa baraza lake na baadhi ya masharti yake ni tofauti.

Ukurasa wa kwanza uanze na nini?

Uanze na jina lako kama lilivyo kwenye cheti cha shahada, namna ya kukupata, na hali ya usajili wako. Usajili ndio anaoutafuta msomaji kabla ya kingine chochote, kwa sababu daktari asiye na usajili hawezi kuajiriwa hata awe hodari kiasi gani. Andika jina la baraza, aina ya usajili, namba yake na tarehe uliyoupata. Kwa Tanzania Bara ni Baraza la Madaktari Tanganyika, Zanzibar ina baraza lake, na Kenya ni Baraza la Madaktari wa Tiba na Meno.

Kosa ninaloliona mara nyingi hapa ni la neno moja tu. Mtarajali ana usajili wa muda, unaomruhusu kufanya kazi chini ya usimamizi. Usajili kamili huja baada ya kumaliza utarajali na kukubaliwa na baraza. Anayeandika kwamba amesajiliwa, akaishia hapo, humwacha msomaji akidhani ni usajili kamili, na siku ya kuonyesha vyeti huonekana kama aliyetaka kuficha. Kama umemaliza miezi 12 na maombi yako yako barazani, sema hivyo hivyo: usajili wa muda, utarajali umekamilika tarehe fulani, maombi ya usajili kamili yamewasilishwa tarehe fulani.

Wasifu uandikwe kwa Kiswahili au Kiingereza?

Uandikwe kwa lugha ya tangazo. Matangazo mengi ya kazi za udaktari Afrika Mashariki huja kwa Kiingereza, na mwenzako anayeomba Bukavu au Bujumbura ataandika kwa Kifaransa. Mifano iliyomo humu nimeiweka kwa Kiswahili ili maana yake ieleweke kwanza. Ukishaelewa unachotaka kusema, kukihamishia katika lugha ya maombi hakutakusumbua.

Nitaelezaje idara nilizopitia?

Kila idara ipewe mistari miwili au mitatu, na iwe na tarehe ya kuanza na ya kumaliza, jina la hospitali na ngazi yake, na kazi uliyokuwa ukiifanya. Ngazi ya hospitali ina uzito kuliko wengi wanavyodhani. Hospitali ya rufaa ya mkoa humpa mtarajali nafasi nyingi za kufanya kazi kwa mkono wake kwa sababu mabingwa ni wachache; hospitali ya taifa humpa magonjwa adimu, lakini huenda akasimama nyuma ya wanafunzi wa ubingwa kwa muda mrefu. Msomaji anayejua tofauti hiyo atausoma wasifu wako kwa jicho la haki zaidi.

Sasa tazama mistari hii miwili kuhusu idara ileile:

> Idara ya watoto. Nilihudumia wagonjwa, nilishiriki ziara za wodi na nilifanya kazi nyingine nilizopangiwa.

> Idara ya watoto, hospitali ya rufaa ya mkoa, wiki 12. Wodi ya vitanda 40 na chumba cha watoto wachanga. Zamu ya usiku kila usiku wa nne. Niliwapokea wagonjwa wapya, niliandika mpango wa matibabu wa awali na kuuwasilisha kwa daktari bingwa katika ziara ya asubuhi.

Mstari wa kwanza ungeweza kuandikwa na mtarajali yeyote wa hospitali yoyote, na ndiyo maana hauna faida. Wa pili unaonyesha ukubwa wa wodi, mara ngapi ulibaki usiku, uamuzi gani ulikuwa mikononi mwako na uliishia wapi. Hapo msomaji anaweza kukadiria umezoea mzigo gani.

Idara nne kubwa, yaani magonjwa ya ndani, upasuaji, watoto, na uzazi na magonjwa ya wanawake, ziandikwe kwa mpangilio wa tarehe, ya karibuni ikitangulia. Kama ulipita pia afya ya akili, usingizi, mifupa au dharura kwa wiki chache, ziandikie mstari mmoja mmoja. Usizivute ziwe sawa na idara ya miezi mitatu, kwa kuwa tarehe zitakusuta.

Nina pengo la wiki sita kwa sababu ya ugonjwa au uzazi. Nilifiche?

Usilifiche, wala usilielezee kwa urefu. Andika kwamba utarajali ulisimama kuanzia tarehe fulani hadi tarehe fulani kwa likizo ya ugonjwa au ya uzazi, na kwamba muda huo ulifidiwa katika idara fulani. Hakuna jopo la usaili lenye haki ya kudai undani wa ugonjwa wako kwenye wasifu. Linaloleta maswali ni idara mbili zenye tarehe zinazogongana, au miezi 12 ambayo ukiihesabu unapata 10 na nusu.

Taratibu nilizofanya niziandikeje?

Hili ndilo swali ambalo majibu yake mabaya huharibu maombi mengi, kwa hiyo nitakaa nalo.

Idadi ya taratibu bila kiwango cha ushiriki haina maana. Ukiandika kwamba una upasuaji wa kujifungua 41, msomaji hajui kama ulishika kisu mara 41 au ulishika kifaa cha kuvuta kingo za jeraha mara 41. Kwa hiyo kila utaratibu ugawanywe kwa viwango vinne: uliangalia, ulisaidia, ulifanya chini ya usimamizi, na ulifanya peke yako. Kwa upasuaji, kiwango cha tatu ni vema kikagawanywa tena, kwa sababu kufanya huku mkubwa wako amevaa gauni na yuko mezani nawe ni tofauti na kufanya huku yeye yuko ndani ya chumba cha upasuaji bila kuvaa, tayari kuingia akiitwa.

Nichukue mfano wa daktari aliyemaliza wiki 12 katika idara ya uzazi. Wasifu wake wa kwanza ulisema hivi: upasuaji wa kujifungua 41. Tulipokaa na kitabu chake cha kumbukumbu na kuhesabu ukurasa kwa ukurasa, tulikuta kwamba mara 9 aliangalia, zote zikiwa za wiki mbili za mwanzo. Mara 21 alikuwa msaidizi wa kwanza. Mara 8 alifanya mwenyewe huku daktari mkubwa akiwa mezani pamoja naye, na mara 3 za mwisho alifanya huku mkubwa akiwa chumbani bila kuvaa. Jumla ni 41 kweli, na hakudanganya popote. Lakini aliyekuwa akiisoma 41 angempangia zamu ya usiku katika hospitali ya wilaya akiamini kwamba ana uzoefu wa upasuaji 41, ilhali aliofanya kwa mkono wake ni 11. Baada ya kurekebishwa, mstari ukawa hivi:

> Upasuaji wa kujifungua: nilifanya 11 (8 msimamizi akiwa mezani, 3 msimamizi akiwa chumbani), msaidizi wa kwanza 21.

Zile 9 za kuangalia tuliziondoa kabisa. Kuangalia kuna nafasi yake katika kitabu cha kumbukumbu, kwa kuwa huko kunaonyesha ulivyoanza, lakini kwenye wasifu kunajaza karatasi tu, isipokuwa kama utaratibu wenyewe ni adimu na unaomba nafasi ya fani hiyohiyo.

Angalia pia jinsi mstari huo mfupi unavyosimulia. Msomaji anaona mtu aliyepewa nafasi zaidi kadiri wiki zilivyokwenda, hadi mkubwa wake akathubutu kutovaa gauni. Hilo jopo hulisoma mara moja, na lina nguvu kuliko 41.

Kwa taratibu ndogo, kama kutoa maji ya uti wa mgongo, kuweka mrija wa kifua, kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua kwa mfuko na barakoa, kusafisha kizazi kwa pampu ya mkono au kushona msamba uliochanika, viwango viwili vinatosha: chini ya usimamizi na peke yako. Chagua 8 hadi 12 zinazohusu kazi unayoiomba. Orodha inayotaja kutoa damu na kuweka kanula mara 500 humpa msomaji hisia kwamba huna kikubwa cha kusema.

Jopo linajuaje kwamba idadi imetiwa chumvi?

Linahesabu. Tuseme hospitali inafanya upasuaji wa kujifungua kama 90 kwa mwezi, yaani karibu 250 katika wiki 12, na katika idara kuna watarajali wanne pamoja na madaktari wa kawaida na bingwa, ambao nao wanapasua. Mtarajali mmoja akiandika kwamba alifanya 120 peke yake, maana yake ni kwamba karibu nusu ya kazi ya chumba kizima ilipita mikononi mwake, na wenzake watatu walikaa tu. Hilo haliwezekani, na anayeuliza huenda aliwahi kufanya kazi hospitali hiyohiyo.

Dalili ya pili ni namba za mviringo. Kitabu cha kweli hutoa 17, 23 na 6. Kumbukumbu ya kubuni hutoa 20, 50 na 100.

Dalili ya tatu hujitokeza katika maswali. Niliwahi kumwuliza kijana mmoja aliyeandika mirija ya kifua 15 aliyoweka peke yake, mrija unapita juu au chini ya ubavu. Alinyamaza, kisha akasema inategemea. Aliyeweka hata mitatu anajua kwamba unapita juu ya ubavu, kwa sababu mishipa ya damu na ya fahamu imelala kwenye ukingo wa chini. Huenda alikuwa ameiona mirija hiyo yote 15, na laiti angeandika kwamba alisaidia, swali hilo lisingemfika kwa namna ile. Nilisikitika, kwa sababu alama zake nyingine zilikuwa nzuri.

Sikuandika kitabu changu kila siku. Nifanye nini sasa?

Usikadirie. Nenda kwenye kitabu cha chumba cha upasuaji, rejesta ya chumba cha uzazi na rejesta za wodi, kwa ruhusa ya mkuu wa idara, ukatafute jina lako katika safu ya mpasuaji na ya msaidizi. Kazi hiyo huchukua siku mbili au tatu. Utakuta baadhi ya kesi ambazo ulizifanya lakini limeandikwa jina la mkubwa wako peke yake. Hizo usizihesabu, labda yeye mwenyewe azikumbuke na akubali kuzitia sahihi. Unachobaki nacho kitakuwa kidogo kuliko ulivyotarajia, lakini kila tarakimu itakuwa na ukurasa wake wa kuonyesha.

Kama utarajali bado unaendelea, andika siku hiyohiyo na uombe sahihi kabla wiki haijaisha. Msimamizi anayeletewa kesi 60 za miezi mitatu azitie sahihi kwa mkupuo ama atakataa, ama atatia bila kusoma, na sahihi ya namna ya pili haimsaidii mtu.

Naruhusiwa kutaja namba za mafaili ya wagonjwa ili kuthibitisha?

Hapana. Namba ya faili, jina, herufi za mwanzo za jina, au maelezo ya kesi adimu pamoja na tarehe na kijiji, vyote vinaweza kumtambulisha mgonjwa. Taarifa za afya ni taarifa nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na usiri wa mgonjwa ulikuwapo katika maadili yetu kabla ya sheria hiyo. Namba za mafaili zibaki kwenye kitabu cha kumbukumbu, na kitabu kionyeshwe kwa anayestahili kukiona. Usikipige picha ukaiambatisha kwenye barua pepe. Nimepokea maambatisho ya namna hiyo, na sikuyafurahia.

Mitihani ya leseni iandikwe vipi?

Andika jina la mtihani, sehemu yake, mwezi na mwaka uliofanya, na matokeo kwa namna yaliyotolewa na wenye mtihani. Kama matokeo ni kufaulu au kutofaulu tu, usitafute alama ya kuongeza. Mfano mzuri ni hatua ya kwanza ya mtihani wa Marekani, USMLE, ambayo tangu Januari 2022 hutolewa kwa kufaulu au kutofaulu, ilhali sehemu ya maarifa ya kitabibu ya hatua ya pili bado ina alama za tarakimu tatu. Aliyefanya hatua ya kwanza kabla ya hapo anayo alama na anaweza kuiandika.

Mtihani wa Uingereza, PLAB, una sehemu mbili. Ya kwanza ni maswali 180 ya kuchagua jibu kwa muda wa saa tatu. Ya pili ni ya vituo, ambapo unakutana na mgonjwa wa kuigiza na kutahiniwa jinsi unavyoongea naye, unavyompima na unavyoamua. Ukifaulu ya kwanza una miaka miwili ya kufaulu ya pili, kwa hiyo tarehe si pambo hapa: msomaji anaitumia kujua kama matokeo yako bado ni hai. Anayeandika tu kwamba amefaulu sehemu ya kwanza, bila tarehe, anamlazimisha msomaji kuuliza.

Mtihani uliojiandikisha lakini hujaufanya uuandike kama ulivyo: umejiandikisha, tarehe fulani. Usiandike kwamba unaendelea nao.

Nilishindwa mara ya kwanza nikafaulu ya pili. Niseme?

Kwenye wasifu andika matokeo ya kufaulu na tarehe yake. Hulazimiki kuorodhesha jaribio lililoshindikana. Lakini fomu ya maombi ikiuliza umefanya mtihani mara ngapi, jibu ukweli mtupu. Ripoti rasmi ya USMLE huonyesha majaribio yote, na mabaraza huwasiliana na wenye mitihani moja kwa moja. Kushindwa mara moja hakumnyimi mtu nafasi kama fomu aliyoijaza kwa uongo, ambayo inaweza kumfikisha mbele ya kamati ya maadili.

Naomba kazi Oman au Uingereza. Kuna jambo la ziada?

Kuna uhakiki wa vyeti kutoka chanzo chake. Nchi kadhaa za Ghuba hutumia kampuni ya DataFlow, na Uingereza hutaka shahada ihakikiwe kupitia mfumo wa EPIC. Kote wanauliza chuo na hospitali moja kwa moja. Linaloumiza watu wetu hapa ni majina. Cheti cha kuzaliwa kina majina mawili, cha kidato cha nne kina matatu, pasipoti imebadili herufi moja, na wasifu umetumia jina la ndoa. Chagua jina la pasipoti, liandike hivyo kila mahali, na kama vyeti vinatofautiana andaa kiapo cha majina mapema. Tarehe za utarajali kwenye wasifu nazo zilingane kwa siku na zile zilizo kwenye cheti cha kumaliza utarajali. Ukiandika Novemba ilhali hospitali imejibu Desemba, faili linasimama.

Ukaguzi wa kitabibu ni nini hasa, na unatofautianaje na utafiti?

Utafiti unauliza jambo ambalo bado halijulikani. Ukaguzi unauliza kama tunafanya lile ambalo tayari tunajua kwamba linafaa. Kwa hiyo ukaguzi lazima uwe na kipimo kilichokubalika kabla hujaanza kuhesabu. Bila kipimo ulichonacho ni hesabu ya mafaili tu.

Chukua mfano unaoweza kufanywa na mtarajali yeyote ndani ya wiki zake 12 za uzazi. Shirika la Afya Duniani linaelekeza kwamba dawa ya kuzuia maambukizi katika upasuaji wa kujifungua itolewe kabla ya kukata ngozi, na orodha yake ya usalama wa upasuaji inauliza kama imetolewa ndani ya dakika 60 zilizotangulia. Hicho ndicho kipimo. Mtarajali anachukua mafaili 60 ya mwezi uliopita na kutazama saa ya dawa na saa ya kukata. Tuseme anakuta 33, yaani asilimia 55, yametimiza. Yaliyosalia yamegawanyika: mengine dawa ilitolewa baada ya mtoto kutoka, mengine saa haikuandikwa kabisa. Mgawanyiko huo ni muhimu, kwa sababu la kwanza ni kosa la utoaji na la pili ni kosa la uandishi, na namna ya kuyarekebisha ni tofauti.

Anawasilisha matokeo katika kikao cha asubuhi. Idara inakubali mambo mawili: dawa iwekwe kwenye trei ya usingizi badala ya kubaki wodini, na fomu ya usingizi iongezewe nafasi ya kuandika saa. Baada ya wiki sita anachukua mafaili mengine 60 na kukuta 49, yaani asilimia 82. Sasa ana ukaguzi uliofunga mzunguko, na mstari wake kwenye wasifu unakuwa hivi:

> Ukaguzi: muda wa dawa ya kinga katika upasuaji wa kujifungua, kwa kipimo cha Shirika la Afya Duniani. Mzunguko wa kwanza 33 kati ya 60 (asilimia 55). Baada ya kuhamishia dawa kwenye trei ya usingizi na kurekebisha fomu, 49 kati ya 60 (asilimia 82). Nilibuni, nilikusanya takwimu na niliwasilisha idarani.

Linganisha na kile ninachokipokea mara nyingi: nilishiriki ukaguzi wa dawa. Mzunguko wa pili ndio unaotofautisha aliyebadilisha kitu na aliyehesabu tu. Kama uliondoka idarani kabla ya mzunguko wa pili, sema kwamba mzunguko wa kwanza umekamilika na umemkabidhi mwenzako fulani wa idara bila kumtaja jina. Hilo halina aibu. Na kama takwimu hazikupanda, ziandike hivyo hivyo. Jopo lenye busara litauliza unadhani kwa nini, na hapo una nafasi ya kuonyesha kwamba ulifikiri.

Jambo moja zaidi: asilimia iende na idadi yake. Asilimia 80 ya mafaili 10 na asilimia 80 ya mafaili 200 hazina uzito mmoja.

Utafiti wangu pekee ni ule wa chuo. Unastahili kuwekwa?

Unastahili, ukiandikwa kwa kiasi chake. Taja kichwa, mwaka, aina ya utafiti, idadi ya washiriki, na kazi uliyoifanya wewe. Utafiti wa chuo mara nyingi ni wa kikundi, na kuna tofauti kati ya aliyeandika pendekezo, aliyehoji wagonjwa na aliyechambua takwimu. Taja pia kibali cha maadili, kiwe cha kamati ya chuo au cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu.

Makala ina hali nne tu: imechapishwa, imekubaliwa, imewasilishwa kwa jarida, au inaandaliwa. Ya nne iache nje, kwa kuwa kila mtu ana kitu anachokiandaa. Ya tatu itaje bila jina la jarida. Katika makala iliyochapishwa, orodhesha waandishi kwa mpangilio uleule uliochapishwa na ukoleze jina lako. Kujisogeza kutoka nafasi ya tano hadi ya pili ni udanganyifu, na msomaji huugundua kwa kufungua makala yenyewe. Ujihadhari pia na majarida yanayokuandikia barua pepe za kukusifu na kuahidi kuchapisha ndani ya siku tatu ukilipa. Makala ikishawekwa huko ni vigumu kuiondoa, na bingwa anayejua uwanja huo akiiona, ataitilia shaka hata ile nzuri iliyo juu yake.

Wasifu mzima uwe na kurasa ngapi?

Kurasa mbili zinatosha kwa aliyemaliza utarajali, tatu kama ana utafiti uliochapishwa. Ukizidi hapo, tafuta semina za siku moja na vyeti vya huduma ya kwanza vilivyokwisha muda, uviondoe.

Wadhamini niwachague vipi?

Chagua wale waliokuona ukifanya kazi, hata kama si wenye vyeo vikubwa. Barua ya mganga mfawidhi ambaye mlisalimiana koridoni mara mbili husema kwamba ulikuwa na nidhamu na ulifika kwa wakati. Barua ya daktari bingwa aliyesimama nawe mezani katika zile kesi 8 husema kwamba katika ya sita kulitokea damu nyingi pembeni mwa kizazi, ukabana kwa kidole, ukamwita, na hukuhangaika na sindano kabla hajafika. Mwombe ruhusa kabla ya kuandika jina lake, kisha mtumie nakala ya wasifu pamoja na muhtasari wa taratibu kutoka kwenye kitabu chako, ili namba ambazo jopo litazipata kutoka kwake ziwe ndizo zilizo mikononi mwako.